Kurasa mbili za maji ya Makutupora: shajara ya mradi

Januari 14

Leo nimeanza rasmi. Makala ninayoifanyia kazi ni ya Richard Taylor na wenzake, wakiwamo wataalamu wa maji Watanzania, iliyotoka katika jarida la Nature Climate Change mwaka 2013. Inahusu maji yaliyo chini ya ardhi katika bonde la Makutupora, hapo kaskazini mwa mji wetu. (Makala yenyewe inaandika Makutapora. Kwenye vibao vya barabarani ni Makutupora, nami nitafuata vibao.) Kurasa zake ni tano tu, lakini zimeshindiliwa kama gunia la mkaa.

Ninachotaka kutoa ni kurasa mbili za Kiswahili kwa Kidato cha Tatu, na grafu moja. Nimeichagua hii kwa sababu visima vya Makutupora vimekuwa vikiilisha Dodoma maji kwa miongo mingi. Wanafunzi wangu wamekunywa data ya makala hii tangu utotoni bila kuijua.

Nimeisoma mara tatu nikiwa na kalamu za rangi tatu. Bluu kwa kilichopimwa, kijani kwa kilichohusishwa na kingine, nyekundu kwa kinachokadiriwa kuhusu siku zijazo. Bluu: kwa miaka 55 watu walipima usawa wa maji visimani, na ukiziunganisha rekodi hizo unaona maji yakishuka polepole miaka mingi mfululizo, kisha ghafla yanapanda, kisha yanaanza kushuka tena. Kijani: kupanda huko hutokea katika misimu ya mvua kali isiyo ya kawaida, na misimu hiyo ina uhusiano na El Nino pamoja na hali ya joto la Bahari ya Hindi. Nyekundu: modeli za hali ya hewa zinakadiria kwamba miezi ya mvua kali sana itaongezeka nguvu kuliko wastani wa mvua utakavyobadilika, kwa hiyo maji ya ardhini huenda yakafaa kama tegemeo. Sentensi ya mwisho ya muhtasari wao, nayo nyekundu, inasema bado kuna mashaka makubwa kuhusu El Nino itakavyokuwa.

Nimegundua kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo mkono wangu ulitaka kuiruka.

Januari 19

Rasimu ya kwanza imekamilika. Kurasa mbili kamili, lugha nyepesi, nilijipongeza kwa chai ya pili. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Utafiti umeonyesha kwamba mvua kubwa za El Nino ndizo zinazojaza maji ya Makutupora, mara moja kwa miaka mingi."

Sikutaka kuwauliza wanafunzi "mmeelewa?", maana jibu lake linajulikana hata kabla ya kuuliza. Nikawachukua sita baada ya vipindi, nikawapa robo saa wasome, nikazikusanya karatasi zote, kisha nikamwambia kila mmoja anisimulie kama anavyomsimulia bibi yake nyumbani. Mimi nikaandika maneno yao kama yalivyotoka.

Wa kwanza: "Bibi, maji yakipungua tusubiri El Nino, yatajaa."

Wa pili: "Kila baada ya miaka kumi maji yanajaa."

Wa tatu: "Wanasayansi wamesema tuchimbe visima vingi."

Wa nne hakusimulia, aliuliza. Nyumbani kwao wanalima uwele na mtama upande wa Chamwino. "Mwalimu, mvua ya mwaka jana ilikuwa ya kawaida, na tulivuna. Sasa hii karatasi inasema haina kazi?"

Watoto hawa si wazito. Kila kosa hapo lina chimbuko kwenye karatasi yangu. Miaka kumi, kwa mfano, sikuiandika popote. Nikakaa nikaitafuta mpaka nikaiona kwenye grafu: nilikuwa nimeichora kwa mkono, "kwa ajili ya wazo tu", na vilele vyake nilivipanga kwa nafasi sawasawa kama meno ya msumeno. Jicho la mtoto lilihesabu nafasi zile, likapata miaka kumi. Maneno yangu yalisema "mara moja kwa miaka mingi", picha ikasema kila baada ya miaka kumi, na picha ikashinda.

Januari 20

Kwa swali la yule wa uwele nilihitaji usiku mzima. Makala inazungumzia maji yanayofika chini kabisa, kwenye tabaka la mwamba uliochakaa linaloshika maji ya visima. Mvua inayolowesha shamba, mmea ukainywa na jua likachukua iliyobaki, imefanya kazi yake yote juu. Haikufika kisimani, lakini imefika ghalani. Nimeongeza sentensi mbili za kulisema hilo, na neno "kujaza" sasa kila mara linafuatwa na kitu kinachojazwa: kujaza maji ya chini. "Kujaza" peke yake ndiko kulikoifanya mvua ya kawaida ionekane ya bure.

Januari 23

Leo nimepambana na neno moja. Makala inasema mvua kali huchangia maji ya ardhini nje kabisa ya uwiano wake. Si kwamba mvua ikiongezeka kidogo nayo maji ya chini yanaongezeka kidogo. Hiki ndicho kiini cha makala nzima, na kwa mwanafunzi aliyezoea mstari ulionyooka wa hesabu za Kidato cha Pili ni kitu kigeni.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati akaja na kibubu. "Madam," akaniambia, "waambie habari ya mshahara." Akaandika ubaoni. Familia inatumia shilingi 280,000 kwa mwezi kwa chakula, kodi na nauli. Ikipata 300,000, kibubu kinapata 20,000. Ikipata 360,000, mapato yameongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, lakini kibubu kinapata 80,000, mara nne ya kwanza. Na ikipata 270,000, kibubu hakipati kitu, wala familia haikufa njaa kwa kukosa kuweka akiba.

Nilimkumbatia, kwa moyo si kwa mikono. Ardhi kavu ya Dodoma ndiyo hiyo familia. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida hazifiki hata milimita 700. Kabla tone halijavuka kwenda chini, udongo wenyewe una kiu, mizizi ina kiu, na jua linadai haki yake kila siku. Kinachovuka ni masalio. Na masalio, kama akiba, huongezeka kwa kasi kuliko mapato yanavyoongezeka.

Nikaiweka kwenye rasimu palepale.

Januari 26

Kibubu kimenigeuka. Nimewapa rasimu wanafunzi wengine wanne, na mmoja wao, binti mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, akasimulia hivi: "Mvua ikizidi milimita 280, maji ya Makutupora yanajaa."

Namba ni kitu kinachonata. Hadithi ya kibubu imemtoka, shilingi zimemtoka, 280 imebaki, na kwa kuwa ilikuwa inaelea bila mwenyewe, akaipa milimita. Kwa hiyo nimemfundisha tokeo ambalo hakuna mtafiti aliyelipata. Tena ni kosa baya kuliko lile la miaka kumi, kwa sababu linaonekana la kisayansi. Mtu akilisikia atalirudia.

Niliwaza kutafuta kiwango halisi niweke badala yake. Lakini kuweka namba moja kungekuwa uongo wa aina nyingine, maana si jumla ya mvua tu inayoamua. Milimita 100 zilizonyesha kwa siku tatu mfululizo na milimita 100 zilizotawanyika kwa wiki sita si mvua moja kwa udongo. Kwa hiyo kurasa zangu hazitakuwa na kiwango chochote cha milimita, na kibubu kimehamia kwenye kisanduku chake, kina kichwa "Hesabu ya nyumbani, si ya mvua", na namba zimebaki mbili tu: mapato yameongezeka kwa sehemu moja ya tano, akiba imekuwa mara nne. Nimempa binti yule yule asome tena. Safari hii amesema "mara nne", na nilipomuuliza mara nne ya nini, akajibu, "Ya akiba, mwalimu. Kwa maji hukutuambia." Ni kweli sikuwaambia.

Februari 4

Kwa sababu kibubu ni maneno tu, nikataka waone kwa macho. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zimekatwa matako, zimepinduliwa, mdomoni zimefungwa kitambaa cha khanga kuukuu. Kila chupa ina kilo moja ya udongo mwekundu kutoka nyuma ya maabara, uliokaushwa juani siku tatu. Chini ya kila chupa kuna glasi.

Chupa ya kwanza tuliimwagia mililita 100, tukaiacha juani siku tatu, tukamwaga 100 nyingine, hivyo hivyo mara nne. Glasi ikabaki kavu mpaka mwisho. Siku ya mwisho, leo, chupa ya pili tuliimwagia zile zile mililita 400, kwa zamu moja, polepole, bila kuiacha ipumzike. Mililita 200 za kwanza hazikuonekana. Ya tatu ilianza kudondoka tone moja moja. Baada ya nusu saa glasi ilikuwa na mililita 140 za maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Maji ni yale yale, 400 kwa 400. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe mvua ikija kwa vipande, udongo unakula yote." Hiyo sentensi nimeiiba, imo kwenye ukurasa wa kwanza.

Angalizo kwa mwalimu atakayerudia: udongo ukiushindilia, maji yanatuama juu na hayashuki, na ukiulegeza mno yanapita pembeni mwa chupa na kudondoka upesi. Tulipoteza jaribio la kwanza kwa hilo. Dalili yake ni maji masafi kwenye glasi ndani ya dakika moja. Ukiona hivyo, hayakupita kwenye udongo.

Februari 5

Nimekwenda na chupa zangu kwa mzee mmoja, jirani wa dada yangu, aliyestaafu kazi ya kupima visima. Nilikwenda kuonyesha, sikwenda kuuliza, na hapo ndipo nilipofundishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hii ni dawa au pombe?"

Nikamweleza. Akaitazama chupa ya pili kwa muda mrefu, akaigeuza geuza. Kwanza akanieleza walivyokuwa wakipima: utepe wenye alama unashushwa kisimani, ncha yake ikigusa maji kifaa kinalia, unasoma kina, unaandika kwenye daftari, unakwenda kisima kingine. Wanaoandika "miaka 55" kwa tarakimu mbili, akasema, hawajui ni madaftari mangapi. Kisha akasema kuhusu chupa: "Ni nzuri. Lakini umefundisha kama vile mvua inanyeshea kisima. Mvua ikinyesha kwa nguvu wewe angalia korongo, usiangalie shamba."

Niliporudi nyumbani nikatafuta, na mzee yuko sawa. Utafiti mwingine wa eneo lile lile, uliotoka mwaka 2021, unaonyesha kwamba maji yanayofika chini huko Makutupora huingia kwa sehemu kubwa kupitia vitanda vya mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo. Mto ambao mwaka mzima ni barabara ya mchanga unatiririka siku kadhaa, na mchanga ule unanyonya. Kadiri mto unavyotiririka muda mrefu, ndivyo maji ya chini yanavyopata.

Kwa hiyo chupa yangu inasema kweli kuhusu uhusiano, kwamba mvua ikija kwa pamoja huvuka zaidi kuliko ikija kwa vipande, na inadanganya kuhusu njia, kwa sababu inaonyesha maji yakipenya sawasawa kila mahali shambani. Nilisita kama niitupe. Mwalimu wa hisabati alisema itupwe, kwa kuwa nusu ya kweli ni mbaya kuliko kutojua. Mimi sikukubali. Nimeibakiza, na chini yake nimeandika sentensi tatu: chupa hii inaonyesha kwa nini mvua ya vipande haifiki chini, haionyeshi maji yanapoingilia, Makutupora yanaingilia zaidi makorongoni na kwenye mito ya msimu, na hilo lilionyeshwa na utafiti wa baadaye, si huu tunaousoma. Kipande cha mwisho ni muhimu kwangu. Ningeweza kuyachanganya matokeo ya 2013 na ya 2021 kwenye sentensi moja tamu, na hakuna ambaye angenikamata, lakini mwanafunzi angedhani utafiti wa kwanza ulijua kila kitu.

Jambo la pili la mzee: "Maji kushuka si ukame peke yake. Pampu nazo zinavuta." Rasimu yangu ilikuwa imesema maji hushuka "mvua inapokosekana". Sasa inasema hushuka katika miaka ambayo hakuna kinachoingia, huku maji yakiendelea kuvutwa na kuondoka. Ni maneno machache, lakini bila hayo mwanafunzi anaondoka akidhani mstari unaoshuka ni kipimo cha ukame.

Februari 9

Grafu. Ile ya meno ya msumeno nimeichana. Mpya nimeifuatisha kutoka kwenye mchoro wa makala kwa karatasi ya kuangaza, vilele vikiwa pale vilipo, vingine vimekaribiana, vingine vimeachana sana. Nimeandika jina kwenye kilele kimoja tu, cha msimu wa 1997/98.

Tulikwama kwenye mhimili wima. Mzee alipima kina, yaani umbali kutoka juu ya kisima hadi kwenye maji. Kwa kina, namba ikikua, maji yamepungua. Nilipojaribu mhimili wa kina, wanafunzi watatu kati ya watano walisema mstari unapanda hivyo maji yanaongezeka. Nikageuza, mhimili ukawa usawa wa maji yenyewe, juu ni maji mengi, na ubavuni nimechora kisima kilichokatwa kikiwa na maji ndani, usawa wake ukilingana na mhimili. Sasa wote watano wanaisoma bila kuuliza.

Februari 12

El Nino. Kwa kizazi cha hawa watoto ni neno la redio, kwa wazazi wao ni kumbukumbu ya mwaka 1997 na 1998: mafuriko, barabara kukatika, homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu. Ilinibidi niandike wazi kwamba mvua ile ile iliyoinua maji ya chini iliharibu juu. Makala haisemi El Nino ni neema. Inasema maji yalipanda.

Na El Nino si peke yake. Bahari ya Pasifiki ikipata joto kupita kawaida upande wake wa kati na mashariki, hiyo ndiyo El Nino. Bahari ya Hindi nayo ina tabia yake: pengine upande wa pwani yetu unakuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na hapo mvua huongezeka Afrika Mashariki. Mwaka 1997 yote mawili yalikutana. Mwaka 2019 tuliona mvua kubwa Bahari ya Hindi ikiwa ndiyo mhusika mkuu. Ndiyo maana sentensi yangu niliyoipenda ya Januari imekufa. Ilisema "ndizo zinazojaza". Sasa ni: "Maji ya chini yalipanda katika misimu ya mvua kali isiyo ya kawaida. Nyingi ya mvua hizo zilihusiana na El Nino na joto la Bahari ya Hindi." Imekuwa ndefu na imepoteza mdundo, basi.

Nimeongeza pia kwamba hii ni habari ya bonde moja. Ile El Nino ya 2015/16 iliwaletea watu wa kusini mwa Afrika ukame mkali. Mtoto wa Dodoma akihamia huko na karatasi yangu mfukoni, isimdanganye.

Februari 15

Sehemu nyekundu, ya siku zijazo, ndiyo iliyonichosha. Waandishi wameweka kinga juu ya kinga: matumizi zaidi ya maji ya ardhini *huenda* yakawa njia *inayoweza* kufaa. Januari niliandika "inawezekana kutumia maji ya ardhini zaidi". Hilo ndilo lililozaa "wanasayansi wamesema tuchimbe visima".

Mwalimu wa Kiswahili akanionyesha kosa lilipo. "Inawezekana" kwetu ina sura mbili. Kwa mtafiti ni shaka, kwa kijana wa mtaani ni hamasa. Akisikia "inawezekana" anasikia "inawezekana kabisa, twende". "Kuna uwezekano" nayo imechoka kwa kusemwa kila siku, haina tena shaka ndani yake. Tulijaribu "yaelekea", wakasoma kama "yanaelekea". Mwishowe tukashika njia ya kizamani, kusema pande zote mbili: "Huenda maji ya ardhini yakatusaidia miaka ya mito kukauka, huenda yasitusaidie kama tunavyotaraji." Ukisema na upande wa pili, shaka inasikika.

Kisha lile neno la mashaka. Niliandika "wanasayansi hawana uhakika", na kijana mmoja akahitimisha, "Kwa hiyo hawajui, wanabahatisha." Kosa si lake, nilimpa shaka bila kumwambia ni shaka ya kitu gani. Vipimo vya miaka 55 havina shaka ya namna hiyo; maji yalipanda pale yalipopanda. Kisichojulikana vizuri ni jinsi El Nino itakavyojiendesha dunia ikiendelea kupata joto. Nimeandika hivyo hivyo, na rangi zangu tatu za kalamu nimeziingiza kwenye karatasi kama alama pembeni: P kwa kilichopimwa, U kwa kilichohusishwa, K kwa kinachokadiriwa. Kila aya ina herufi yake.

Kuhusu mvua kali kuongezeka kuliko wastani, nimetumia mtihani: wastani wa darasa unaweza kusogea alama moja tu huku yule wa kwanza akiruka kutoka 80 hadi 95. Wamelielewa mara moja, na hakuna aliyegeuza 95 kuwa milimita. Nilikuwa nikisubiri.

Februari 21

Kusimuliwa mara ya tatu, wanafunzi wanane ambao hawajaona rasimu yoyote. Saba walisema mvua kali, si El Nino peke yake. Sita walitaja bonde moja bila kuulizwa. Hakuna aliyetaja miaka kumi wala kuamriwa kuchimba visima. Wawili bado walisema maji "yanajaa" kana kwamba kisima kinafurika hadi juu, na hilo nimelirekebisha kwa kubadili "kujaa" kuwa "kupanda" kila mahali ilipobaki.

Mmoja alinisimulia vizuri mpaka mwisho, halafu akaongeza: "Lakini bibi, hii herufi K wamekisia kwa kompyuta, hii P walipima wenyewe, kwa hiyo P uiamini zaidi." Sikuandika popote kwamba P iaminiwe zaidi. Niliacha, ingawa "wamekisia" si sawa na "wamekadiria", na kesho nitamweleza tofauti.

Februari 24

Nakala 130 zimetoka kwa fundi wa fotokopi. Kwenye mashine yake kisanduku cha kibubu kimekatwa ukingo wa kulia, hivyo "si ya mvua" inasomeka "si ya mvu". Nimekaa na kalamu, nimemalizia herufi a mara 130.

Machi 2

Korongo lililo nyuma ya uwanja wa mpira lilitiririka tangu juzi usiku. Kijana wa uwele amechomeka kijiti chenye alama ukingoni na amefungua daftari: siku lilipoanza kutiririka, kina asubuhi na jioni, siku litakapokauka. Leo jioni maji yako kwenye alama ya pili.

Ameniuliza kama aandike P au K. Nimemwambia P.